Jibu Lisilo na Rufaa

Ukipangiwa kazi ya ualimu au uuguzi huko juu, iwe Chome chini ya Shengena, Vudee, Mbaga au Mamba Miamba kwenye mashamba ya tangawizi, unajifunza mapema kwamba huna pa kujificha. Basi hushuka alfajiri kwenda Same mjini na kupanda tena mchana. Likikuacha, utalala mjini au utamlipa bodaboda pesa ya mboga ya wiki nzima. Nyumba za watumishi zimeshikana ukuta kwa ukuta, mtandao unashika mahali pamoja tu karibu na mti fulani, na jioni mnachangia sufuria moja ya makande. Anayefundisha kipindi cha kwanza ndiye jirani yako, ndiye mnayekaa siti moja kwenye basi, na pengine ndiye kiongozi wa kwaya unakosali.

Sasa mtu huyo anakupenda. Umeiona nia yake, hujakosea, ila wewe humtaki. Mjini ungemkwepa: ungebadili njia, ungechelewa kurudi, ungekaa kimya mpaka achoke. Huku mlimani kumkwepa hakuwezekani, na ukimya hutafsiriwa kuwa aibu ya mtu aliyekubali. Kwa hiyo unahitaji jibu linalofanya mambo mawili: limalize jambo, na liwaachie nafasi ya kupokezana chaki kesho yake asubuhi.

Makala haya yanamhusu mwenzako wa ngazi sawa na yako. Akiwa bosi wako, mambo yana sura nyingine, nami nitayagusa mwishoni. Nitamchukua mwalimu wa kike anayetakwa na mwalimu wa kiume kwa sababu ndivyo inavyotokea mara nyingi, lakini mwanaume anayetakwa na mwenzake wa kike atumie maneno yaleyale. Yeye hasa asidhani kwamba kucheka na kupotezea ni ustaarabu.

Ukarimu na nia

Tuseme ni mwalimu wa Biolojia, ametoka Mbeya, ana muhula wa pili kazini. Mwenzake ni mwalimu wa Hisabati, mzaliwa wa tarafa hiyohiyo, kijana mwenye adabu. Siku alipofika, kijana huyo alimbebea godoro kutoka kituoni. Hilo si ishara ya lolote. Huku mgeni hubebewa mzigo, huletewa ndizi na huonyeshwa bomba lililo na maji. Ukiuchukulia kila wema kuwa utongozaji utawakosea watu wa heshima na kujifanya kichekesho cha kijiji.

Dalili zinaanza pale wema unapokuwa wa mtu mmoja na kutoka nje ya kazi. Anamwekea siti kwenye basi yeye peke yake, ilhali walimu wengine wawili wamesimama. Anamtumia bando bila kuombwa. Anakuja kusahihisha madaftari kwenye baraza yake ilhali meza yake iko ofisini. Dalili nzito kuliko zote ni maswali ya nyumbani: kwenu mmezaliwa wangapi, wazee wote wapo, mnasali wapi, likizo unakwenda kwa nani. Kijana wa Kipare anayeuliza mambo hayo kwa mpangilio hapigi soga. Anafanya upelelezi wa posa, na majibu yako yatafika mezani kwa mjomba wake kabla ya mwezi kwisha.

Ukifika hapo, usingoje atamke. Watu wengi wanajiambia, “Hajaniambia kitu, nitakataaje ambacho sijaombwa?” Hoja hiyo ina nguvu wiki za mwanzo, wakati hakuna aliyepoteza chochote. Kuanzia hapo, kila siku inampandishia mwenzako gharama. Anatumia pesa, wenzenu wanaanza kuwaita “shemeji” kwa utani, na yeye anazidi kuamini kwamba unajua na umeridhia. Na likiingia suala la mshenga, jambo linatoka mikononi mwenu wawili. Ukimkatalia kijana, umemkatalia yeye. Ukiikatalia barua ya posa, unakuwa umemjibu baba yake, mjomba wake na mzee wa kanisa au wa msikiti aliyesimama kumwombea. Wema mkubwa unaoweza kumfanyia ni kumpa jibu kabla hajawashirikisha wazee.

Hatua ya kwanza basi si maneno. Kwa wiki moja au mbili punguza unachopokea. Akikuwekea siti, mwite mwalimu mwingine wa kike aikalie na wewe usimame. Akikutumia bando, mrudishie thamani yake kwa simu siku hiyohiyo na umwandikie, “Asante Mwalimu, ila naomba usinitumie tena, najinunulia mwenyewe.” Akija barazani na madaftari, chukua yako na useme mwende ofisini. Wapo wanaoelewa hapo hapo na jambo likaisha bila mtu kufungua kinywa. Asipoelewa, au akielewa kinyume na kuongeza bidii, utakuwa tayari umeondoa deni, na mtu asiye na deni huzungumza kwa unyoofu.

Ukitoa sababu, umefungua kesi

Watani zetu Wachaga wanatusema kwamba Mpare huuza ng'ombe kugharamia kesi ya kuku. Ni utani, lakini anayetujua anajua kwamba hatuachi hoja hewani. Mtu wa kwetu ukimpa sababu, haipokei kama uamuzi. Anaipokea kama hukumu ya mahakama ya mwanzo, na kazi yake sasa ni kutafuta vifungu vya kukatia rufaa. Si Wapare peke yao pia: mtu yeyote aliyependa huwa wakili.

Tazama sababu zinazotolewa kila siku na rufaa zake. “Dini zetu ni tofauti.” Huku juu Mlutheri, Msabato na Mwislamu wanapakana mashamba, na kila ukoo una mtu aliyebadili dhehebu kwa ajili ya ndoa. Atakuambia yuko tayari. “Wazazi wangu hawataki niolewe mbali.” Atatuma mshenga Mbeya. “Kwa sasa najiendeleza kimasomo.” Atasubiri, tena kwa fahari, na utakapohitimu utamkuta na mahari mkononi. “Nina mchumba.” Hii inaonekana ngumu kuvunjika, lakini mahali ambapo simu hupigwa chini ya mti mmoja watu wote wakisikia, mchumba wa kubuni hudumu mwezi mmoja hivi. Akigunduliwa kuwa hayupo, wewe unakuwa mwongo na yeye anapata tumaini jipya: alinidanganya, basi sababu ya kweli haikuwepo.

Kasoro ya sababu zote hizo ni moja. Kila mojawapo inasema, “Ningekubali, isipokuwa kwa jambo hili.” Mtu mwenye nia njema atafanya lile ambalo yeyote angelifanya: atakwenda kuliondoa hilo jambo. Atahangaika miezi sita kubomoa ukuta ulioujenga kwa huruma, na akimaliza utamwambia bado hutaki. Hapo ndipo mtu mpole hugeuka mchungu, na ana haki ya kuuliza kwa nini hukusema mapema.

Jibu lisilo na rufaa linasimama juu ya kitu kimoja tu: hutaki. Si kwamba huwezi, wala kwamba si wakati wake, wala kwamba fulani atakasirika. Utashi wako hauna kifungu cha kubishania. Unasikika kama ukatili ukiusoma hapa, lakini ukitamkwa kwa sauti ya chini na kwa heshima, ndio unaomwacha mtu mzima na hadhi yake. Haumwambii kwamba ana kasoro ya dini, ya kabila, ya kipato au ya ukoo.

“Nakuona kama kaka yangu” nalo liangaliwe. Kwa mtu aliyekupita miaka mingi linaweza kupita. Kwa kijana wa rika lako ni neno jepesi mno, kwa sababu kila mwalimu wa kiume anaitwa kaka, na wengi walioitwa kaka wameoa walewale waliowaita hivyo. Tena linamkaribisha aendelee na ukaka: kukusindikiza, kukuletea mboga, kukusubiri.

Mahali, saa na maneno

Usizungumze kwenye basi. Safari ni ndefu, kondakta ana masikio, na baada ya kumjibu mtabaki mmebanana bega kwa bega hadi Same. Usizungumze nyumbani kwake wala kwako, na usizungumze usiku. Ofisi ya walimu haifai, maana pazia ni jembamba na mwalimu wa zamu huingia bila hodi. Panapofaa ni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki: varanda ya darasa baada ya vipindi, wanafunzi wakiwa kwenye michezo. Asiwepo wa kusema mlijificha, wala wa kusema alisikia.

Chagua siku ambayo atapata nafasi ya kukaa peke yake baadaye. Ijumaa mchana ingefaa, wikiendi ikiwa mbele, ila kama ni Msabato, Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, na kesho yake atasimama mbele ya kanisa zima uso ukiwa umemshuka. Kwa huyo Alhamisi ni bora, au Jumapili kabla wiki ya kazi haijaanza. Usimwambie siku aliyo na zamu, wala asubuhi kabla hajaingia darasani.

Meseji iwe chaguo la mwisho. Kikao cha ana kwa ana hakipigwi picha ya skrini na kutumwa kwenye kundi la walimu. Meseji pia husomwa mara ishirini, na kila alama ya kicheko uliyoiweka kupunguza ukali itasomwa kama mlango uliobaki wazi.

Mwalimu wetu wa Biolojia anaanza hivi: “Mwalimu, samahani, naomba dakika tano hapo nje.” Wakishasimama, anasema:

“Nashukuru kwa yote uliyonisaidia tangu nimefika, hakuna nililolisahau. Naona nia yako kwangu imezidi mambo ya kazi. Mimi upande huo sina hisia hizo kwako, na sitakuwa nazo. Nimeona ulisikie kutoka kwangu mwenyewe, mapema, kabla watu hawajaingia katikati. Kazini nakuheshimu, na nitaendelea kukuheshimu.”

Hapo amefika mwisho. Shukrani imetangulia, kwa hiyo haonekani mkosefu wa fadhila. Jambo limetajwa kwa jina lake bila kumwaibisha. Kukataa kumefungwa kwa “sitakuwa nazo”, maneno ambayo wengi huyaruka kwa huruma, na ndiyo yanayozuia miezi ya kusubiri. Halafu anyamaze. Kishawishi cha kuongeza “lakini wewe ni mtu mzuri sana, yeyote atakayekupata atakuwa na bahati” ni kikubwa. Akizuie. Mtu aliyekataliwa akiambiwa ni bahati kwa wengine atauliza kwa nini wewe huitaki bahati hiyo, na kesi itakuwa imefunguliwa.

Majibu anayoweza kupata ni machache, na kila moja lina namna yake.

La kwanza ni kukana: “Aa, Madamu, mbona umenielewa vibaya, mimi sikuwa na wazo hilo.” Pengine anasema kweli, pengine anajisitiri. Kwako ni mamoja. Usitoe ushahidi wa bando na siti. Sema, “Basi vizuri, samahani kama nilikosea, tuendelee na kazi.” Amejipatia mlango wa kutokea akiwa na heshima yake, nawe umepata ulichokitaka. Kumthibitishia kwamba ulikuwa sahihi ni kumfuata mtu aliyekwishaondoka.

La pili ni “Kwa nini?” Jibu ni, “Sina sababu zaidi ya hiyo niliyokuambia.” Akirudia, rudia maneno yaleyale bila kuyapamba. Kubadili maneno kila mara kunampa matumaini kwamba kuna jibu jingine chini yake.

La tatu ni “Nakupa muda ufikirie.” Hapa wengi huteleza kwa kusema “Sawa, tutaona.” Sema, “Muda hautabadilisha, Mwalimu. Nisingependa usubiri.” Sentensi ya pili ndiyo inayoonyesha kwamba unamjali.

La nne ni kunyamaza na kuondoka. Mwache. Usimfuate kumwuliza kama amekasirika.

Baada ya hapo

Kesho yake msalimie kama jana, kwa sauti ileile, mbele ya wenzenu. Usizidishe uchangamfu kwa kumhurumia, maana anayezidisha anaeleweka kuwa amejuta. Mambo ya kazi yaendelee: ratiba ya mitihani, matokeo ya darasa lake, zamu. Yanayokoma ni ya nje ya kazi. Chakula cha pamoja kisikatishwe ghafla kama mko watu wanne au watano, kwa sababu kujitoa kunawatangazia wengine. Kama mlikuwa mnachangia wewe na yeye tu, kikatishwe siku hiyohiyo.

Vitu alivyokupa vya kula na kutumia vimeshaliwa, usimrudishie nyanya. Kitu cha thamani, kama simu au kitenge cha gharama, kirudishwe kimyakimya ndani ya siku chache, kikiwa kimefungwa, bila barua. Pesa uliyokopa ilipwe yote hata ikibidi ukope kwa mwingine.

Na usimwambie mtu. Walimu wenzako wataona joto limepungua na watauliza, “Vipi, mmegombana na shemeji?” Jibu ni, “Hatujagombana, na si shemeji.” Ukimwambia shoga mmoja, jioni lipo dukani, na kabla ya Jumapili limefika kwa mama yake, ambaye ndiye anayekuuzia maziwa. Kijana anaweza kuvumilia kukataliwa, ila si rahisi kuvumilia kijiji kizima kujua.

Kuna mgeni mmoja zaidi wa kumtarajia, yaani mtu mzima wa kuja kumsemea. Mara nyingi ni mwalimu mkongwe wa kike au mke wa mzee wa mtaa. Atakuja na chai na habari za watoto wake, kisha aseme, “Mwanangu, yule kijana ni wa familia nzuri.” Mwamkie shikamoo, msikilize mpaka amalize, halafu useme: “Mama, nashukuru kwa kunifikiria. Nimeshamjibu mwenyewe, na jibu langu ni lile. Naomba unisaidie lisifike kwa wazee.” Ombi hilo la mwisho lina maana kubwa. Linamtoa kwenye uwakili na kumpa kazi nyingine yenye heshima, ya kulinda amani. Siku hiyohiyo piga simu nyumbani, uwaambie wazazi kwamba akitokea mshenga kutoka Same, msimamo wako ni huu. Wazazi wasiojua hupokea wageni vizuri, na ukarimu wao utahesabiwa kuwa dalili.

Pale upole unapoishia

Yote hayo ni kwa mtu anayeweza kusikia. Ukishasema wazi mara mbili na bado anakuja usiku, anatuma meseji za kukulaumu au anakusema vibaya kwa wanafunzi, jambo si la mapenzi tena. Hapo badili utaratibu. Mwandikie meseji moja fupi: “Nilikujibu tarehe fulani kwamba sitaki. Naomba usinifuate nje ya kazi.” Usiifute. Andika kwenye daftari tarehe, saa, alichosema na nani alikuwepo. Kisha nenda kwa mkuu wa shule ukiwa na daftari hilo, na asipochukua hatua, panda ngazi ya halmashauri au ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza unyanyasaji kazini na kuuhesabu kuwa aina ya ubaguzi. Malalamiko yenye tarehe husikilizwa. Malalamiko ya “ananisumbua sana” hugeuzwa kuwa ugomvi wa wapenzi.

Na kama anayekutaka ndiye anayesaini ruhusa yako, anayependekeza kupanda daraja kwako au kupitisha uhamisho wako, usipoteze nguvu kutafuta maneno matamu. Sema hapana fupi, baki mahali penye watu, andika. Akiunganisha cheo, ruhusa au uhamisho na mwili wako, hata kwa mafumbo, hiyo ni rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na simu ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Tukirudi kwa kijana wetu wa Hisabati, yeye si wa kundi hilo. Atanuna. Wiki mbili tatu atakuwa anajibu salamu akiangalia pembeni, atakaa siti ya nyuma, na pengine atahamishia madaftari yake kwa mwalimu mwingine. Usichukulie hivyo kuwa umeharibu, wala usiende kumbembeleza ili wewe ujisikie mtu mwema. Mpe muhula mzima anune akitaka. Utajua yamekwisha siku atakapokuja mezani kwako kukuomba umshikie kipindi cha Kidato cha Pili kwa sababu anashuka Same kufuata mshahara. Mshikie kipindi, na akirudi umwambie mlikoishia.